Anashukiwa au amehukumiwa? Maneno ya habari na jina la mtu

Kwenye uwanja wa komisaria ya polisi vijana watatu wameketi chini, mikono nyuma. Mbele yao kuna bunduki moja, mapanga mawili na simu nne. Meya amefika, mkuu wa polisi anasoma karatasi, waandishi wa habari wananyoosha vinasa sauti. Karatasi imeandikwa kwa Kifaransa, na ndani yake mna neno "prezime": prezime bandi. Akimaliza kusoma, mkuu anageukia watu waliojaa kwenye ukuta na kuwaambia kwa Kiswahili: "Hawa ndio wezi waliokuwa wanawasumbua usiku."

Mtu wa Goma, Bukavu, Bunia au Butembo ameshaona sherehe ya namna hiyo mara nyingi. Walio wachache ndio wanaotambua kwamba katika safari ile fupi ya kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, neno moja limeanguka njiani. "Prezime" lilikuwa linasema kwamba jambo bado halijathibitishwa. "Ndio wezi" inasema yamekwisha. Saa mbili baadaye habari inasomwa redioni, na kambini mama mmoja anasikia jina la mtoto wa jirani yake. Hana gazeti la kusoma mara ya pili, wala hawezi kurudisha sauti nyuma. Alichosikia ni "mwizi", na kesho asubuhi kwenye foleni ya maji ndilo neno atakalolisema.

Katika miji ambayo mtu akipigiwa kelele ya mwizi anaweza kuchomwa na matairi kabla polisi hawajafika, neno hilo si la kuchezea. Familia hufukuzwa kwenye kartie kwa sababu yake. Kwa watu waliokimbia vita ni vibaya zaidi, maana wao tayari hutazamwa kwa jicho la pembeni: ametoka wapi huyu, alikuwa na nani kule kijijini. Neno "anashirikiana na waasi" likitoka hewani bila kiungo chochote cha shaka, hakuna shefu wa kartie atakayeweza kulirudisha.

Maneno yenyewe si mengi. Kuna anayeshukiwa, kuna mshitakiwa, kuna aliyehukumiwa, na kuna yale maneno madogo ya kutilia shaka kama "inadaiwa" na "inasemekana". Wengi huyatumia kama chumvi: unatia kidogo hapa, kidogo pale, habari ipate ladha ya redio. Lakini kila moja linamwambia msikilizaji kesi imefika mkononi mwa nani. Ukibadilisha neno, umeihamisha kesi kutoka ofisi moja kwenda nyingine bila ruhusa ya mtu.

Chukua mfano wa motari mmoja. Mtu huyu ni wa kubuni, lakini njia anayopita ni ile ile ya wote. Jumatatu usiku mbadilishaji wa pesa anapigwa risasi mlangoni pake na kufa. Majirani wanasema waliona pikipiki nyekundu. Jumanne asubuhi polisi inamkamata motari mwenye pikipiki nyekundu.

Siku hiyo yeye ni mshukiwa, basi. Aliye naye ni afisa wa polisi wa upelelezi, yule ambaye kila mtu anamwita OPJ, na Katiba ya 2006 katika kifungu cha 18 inampa saa 48 tu za kumshikilia. Habari iliyo sawa ya Jumanne jioni ni hii: "Polisi inamshikilia motari mmoja. Inamshuku kwamba aliwabeba watu waliomuua mbadilishaji wa pesa." Sentensi hiyo inasema nani anashuku, na anashuku kitu gani. Jina halihitajiki. Na hata bila jina kuna hatari. Ukisema "motari mmoja anayechechemea, wa kambi fulani", kambi nzima imeshamjua. Ni kama umemtaja na jina la baba yake.

Alhamisi anapelekwa parke. Hapa ndipo masikio mengi hupotea, kwa sababu mtu wa parke naye anaitwa majistra, na msikilizaji akisikia "majistra" anafikiri jaji. Kwa sheria ya Kongo hakuna jaji wa uchunguzi wa pekee kama nchi nyingine zilivyo naye. Parke yenyewe ndiyo inachunguza na ndiyo itakayoshitaki. Kwa hiyo majistra wa parke akitoa hati ya kumkamata kwa muda, hajaamua lolote juu ya kosa. Hati hiyo ni ya siku tano. Ndani ya siku hizo mtu lazima afikishwe mbele ya jaji, na jaji huyo naye hataulizwa kama motari aliua. Ataulizwa swali moja tu: asubiri ndani au asubiri nje? Akisema ndani, anatoa amri ya siku 15, na baadaye inaweza kuongezwa mwezi kwa mwezi.

Sasa sikiliza inavyofika mtaani: "Amekatiwa siku kumi na tano." Watu wanacheka, wanakasirika, wanasema haki imenunuliwa, mtu ameua na kupewa wiki mbili. Wamekosea, lakini kosa wamelipewa na habari iliyosema "mahakama imetoa siku 15 za gereza". Ingetosha kusema: "Jaji ameamua abaki gerezani siku 15 wakati parke inaendelea kuchunguza. Bado hajahukumiwa." Maneno mawili ya mwisho yanachukua sekunde mbili.

Na upande wa pili ni hivyo hivyo. Jaji akisema asubiri nje, pengine baada ya kulipa dhamana, habari inasomwa kwamba "motari ameachiliwa huru". Mjane wa marehemu anasikia kesi imekufa. Haijafa. Mtu ameachiliwa kwa muda, ana masharti, anaweza kukatazwa kutoka mjini, na akiitwa lazima aje. "Kuachiliwa kwa muda" na "kuondolewa hatia" ni vitu viwili, na kuvichanganya kunaweza kuwafanya ndugu wa marehemu wachukue sheria mkononi kwa kuona kwamba serikali imewaacha.

Parke ikimaliza, ikaona kuna msingi, inaipeleka faili mahakamani. Siku hiyo motari anakuwa mshitakiwa, yule wanayemwita preveni kwa Kifaransa. Neno hilo limefunguliwa sasa, na halikuwa halali kabla ya hapo. Kuna mashitaka yaliyoandikwa, kuna jaji, kuna avoka, kuna tarehe. Kama risasi ilitoka kwenye bunduki ya vita, kesi inaweza kuwa imepelekwa auditora ya kijeshi na mahakama ya kijeshi hata kama motari ni raia. Siku za kuhesabu zinabadilika, lakini ngazi za maneno ni zile zile: kushukiwa, kushitakiwa, kuhukumiwa.

Mahakamani kuna mtego mmoja ambao hukamata hata waandishi wazoefu. Mwisho wa kesi mwakilishi wa parke anasimama na kuomba adhabu: miaka 20. Habari ya jioni inasema, "Motari apewa miaka 20." Hajapewa kitu. Upande mmoja umeomba, upande mwingine utajibu, na majaji wanaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kusoma hukumu yao. Wanaweza kutoa miaka 20, au mitano, au kumwachilia. Anayeomba na anayetoa si mtu mmoja.

Hukumu ikisomwa na motari akionekana ana hatia, ndipo neno "amehukumiwa" linapata haki ya kutoka mdomoni. Nalo haliendi peke yake. Linataka kuambatana na kosa gani, adhabu gani, mahakama gani, na kwamba ana siku kumi za kukata rufaa kwenye mahakama ya kiraia. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema mtu anahesabiwa hana hatia mpaka hatia yake ithibitishwe na hukumu ya mwisho. Hukumu ya kwanza siyo ya mwisho kama rufaa ingali wazi. Basi hata hapo mwandishi makini anasema "amehukumiwa na mahakama ya ngazi ya kwanza", na anaacha mlango kidogo.

Kiswahili chenyewe kina mitego yake, na hiyo haimo kwenye vitabu vya Kifaransa ambavyo wengi walisomea kazi. Mtego wa kwanza ni "anadaiwa". Kwenye chumba cha habari neno hili ni tafsiri ya "prezime", na redio za nje zinalitumia kila siku. Lakini sokoni mtu anayedaiwa ni mwenye deni. Mama wa sokoni akisikia "kijana huyo anadaiwa kuua watu wawili" anakwama kidogo, kisha anachagua neno analolielewa, yaani "kuua". Ile "anadaiwa" imepita kama upepo. "Polisi inasema", "parke inamshuku", "jirani mmoja anamtuhumu" ni bora, kwa sababu kila mtu anaelewa maana ya polisi kusema kitu, na kila mtu anajua polisi inaweza kukosea.

"Inasemekana" ni mbaya zaidi. Halina mwenyewe. Nani anasema? Likisikika redioni, mara nyingi mwandishi hajapata mtu wa kumsimamia habari na sasa anamkopesha msikilizaji uvumi wa kibanda cha chai. Kama hakuna mtu wala ofisi ya kubeba maneno hayo, afadhali yakae kwenye daftari mpaka kesho.

Mtego wa pili ni "anahukumiwa". Kwa watu wengi wa mashariki, "leo anahukumiwa" ina maana kwamba leo kesi yake inasikilizwa. Kwa wengine ina maana kwamba leo anapewa adhabu. Wote wawili wanasema Kiswahili kizuri. Ndiyo maana siku ya kwanza ya kesi ni salama zaidi kusema "kesi yake imeanza" au "amesimama mbele ya majaji", na kuliweka neno la hukumu kwa siku ya hukumu. "Amefungwa" lina shida hiyo hiyo: aliyelala usiku mmoja kwenye kasho amefungwa, na aliyekatiwa miaka 20 amefungwa. Kwa yule wa kwanza kuna "anashikiliwa", na kwa anayesubiri kesi kuna "mahabusu".

Hata "mshitakiwa" lina kasoro kwa masikio ya hapa, maana mtu humshitaki mwenzake kwa shefu wa kartie kwa ajili ya mbuzi aliyekula maharage. Kwa mazungumzo ya nyumbani, mwenye mbuzi ni mshitakiwa tayari. Redio haiwezi kulibadilisha hilo, wala haina haja. Inachoweza ni kutaja ofisi: "ameshitakiwa mbele ya mahakama kuu". Ofisi ikitajwa, neno linapata uzito wake. Kuhusu "mshukiwa" na "mtuhumiwa", ndugu wa Kenya hupenda la kwanza na wa Tanzania la pili, na kwa kuwa hapa husikika redio za pande zote, yote mawili yanaeleweka. Hakuna sababu ya kugombana.

Mwaka 2025, mwezi wa kwanza, milango ya gereza la Munzenze mjini Goma ilipofunguka wakati wa vita, wafungwa wengi walitoka, na mahali pengi ilisikika kwamba "wahalifu wote wametoroka". Woga wa watu ulikuwa wa haki. Ndani mle kulikuwa na watu waliohukumiwa kwa makosa mazito. Lakini katika magereza ya Kongo walio wengi huwa ni mahabusu ambao jaji hajawasikiliza. Neno "wahalifu" liliwaweka wote kwenye gunia moja: aliyekatiwa maisha na aliyekuwa anasubiri tarehe yake kwa kesi ya simu.

Anayefikiri kwamba haya yote ni ukaidi wa watu wa sheria, na atazame yaliyowapata Wakongomani na wengine waliofikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI, kule La Haye, kwa sababu ya vita. Kule maneno yamepangwa waziwazi. Mtu ni mshukiwa mpaka majaji wa awali wathibitishe mashitaka, kisha ni mshitakiwa mpaka hukumu. Na karibu kila ngazi ina mtu aliyeteremkia hapo.

Kalixte Mbarushimana, aliyekuwa katibu mtendaji wa FDLR, alikamatwa Ufaransa mwaka 2010 kwa sababu ya mashambulizi ya mwaka 2009 katika Kivu mbili. Habari zilienea vijijini kwamba "muuaji wa Kivu amekamatwa". Tarehe 16 mwezi wa kumi na mbili 2011 majaji, kwa wingi wa kura, walikataa kuthibitisha mashitaka, na siku chache baadaye aliachiliwa. Hakuwahi kuwa mshitakiwa katika kesi. Alibaki kwenye ngazi ya mshukiwa na akaondoka nayo. Lakini majaji hao hao waliona kuna sababu za kuamini kwamba uhalifu wa kivita ulitendeka katika baadhi ya sehemu zilizotajwa. Kilichowakosesha ni kamba ya kumfunga yeye na uhalifu huo.

Kesi ya Bogoro inaonyesha zaidi. Bogoro ni kijiji cha Ituri, kwenye barabara itokayo Bunia kwenda Kasenyi. Kilishambuliwa tarehe 24 mwezi wa pili 2003, raia wengi wakauawa. Zhermen Katanga na Matie Ngudjolo walishitakiwa pamoja, na kesi ikaanza mwezi wa kumi na moja 2009. Kwa miaka mitatu walikaa chumba kimoja, wakiitwa neno moja: washitakiwa. Mwishoni mwa 2012 majaji waliwatenganisha. Tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili mwaka huo Ngudjolo aliondolewa hatia, na rufaa ikathibitisha hivyo mwezi wa pili 2015. Katanga naye, tarehe 7 mwezi wa tatu 2014, alionekana ana hatia, na baadaye akapewa miaka 12.

Redio iliyokuwa imewazoesha wasikilizaji wake kusema "wauaji wa Bogoro, Katanga na Ngudjolo" ilijikuta haina neno la kumwita mmoja wao. Kama miaka yote ilikuwa imesema "washitakiwa", siku ya hukumu isingekuwa na kazi yoyote zaidi ya kusoma matokeo.

Na hata kwa Katanga, "amehukumiwa kwa Bogoro" haitoshi. Alionekana ana hatia ya kusaidia katika mauaji, mashambulizi dhidi ya raia, kuharibu mali na uporaji. Kwa mashitaka ya ubakaji, utumwa wa ngono na kutumia watoto vitani aliondolewa hatia. Mwanamke wa Bogoro aliyebakwa siku ile, akisikia habari fupi, anaweza kudhani kwamba kesi yake imejibiwa. Haikujibiwa dhidi ya mtu huyo. Ni vigumu kulisema hilo hewani, lakini ni vigumu zaidi yeye kulisikia miaka miwili baadaye kutoka kwa mtu mwingine.

Kuna pia Zhan-Pierre Bemba. Tarehe 21 mwezi wa tatu 2016 alihukumiwa kwa uhalifu wa askari wake katika Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2002 na 2003, na baadaye akapewa miaka 18. Kwa miaka miwili "aliyehukumiwa" lilikuwa neno sahihi. Tarehe 8 mwezi wa sita 2018 majaji wa rufaa waliivunja hukumu hiyo, na neno likawa uongo kuanzia saa ile. Lakini katika kesi nyingine, ya kuwahonga mashahidi, hatia yake ilibaki. Kwa mtu mmoja, maneno mawili tofauti yalikuwa kweli siku moja. Kosa lisipotajwa, hakuna namna ya kusema jambo hilo bila kudanganya upande mmoja.

Sasa kuna ugonjwa wa kinyume, na huo huwaumiza wakimbizi kuliko wote. Mwandishi akishatishwa na habari za kashfa, anaanza kutia shaka kila mahali. Watu wamezika maiti 11 jana. Shefu wa kijiji amezihesabu, muuguzi ameona majeraha ya panga. Redio inasema "mauaji yanayodaiwa kutokea". Aliyemzika mtoto wake anasikiliza hayo ndani ya hema. Kwake habari imemwambia kwamba huenda mtoto hajafa. Vibaya kuliko vyote ni lile neno "eti". "Mama huyo anasema eti alibakwa." Neno hilo kwa Kiswahili lina dharau ndani yake, na hakuna kanuni ya redio inayolihitaji.

Shaka ina mahali pake pa kukaa, na mahali hapo mara nyingi ni pamoja tu: kati ya tendo na jina. Kwamba watu wameuawa, hilo limeonekana kwa macho na linasemwa wazi. Kwamba fulani ndiye aliyeua, hilo bado, na hapo ndipo neno la shaka linapowekwa. Majaji wa La Haye walifanya hivyo hivyo siku walipomwachilia Ngudjolo. Walisema kwa namna iliyo wazi kwamba uamuzi wao haukanushi hata kidogo yaliyowapata watu wa Bogoro siku ile. Waliliondoa jina, hawakuliondoa kaburi. Ajabu ni kwamba sehemu hiyo ya uamuzi haikusikika sana huku, na wapo waliolala siku ile wakiamini kwamba mahakama imesema Bogoro haikushambuliwa.

Kwa hiyo sentensi "watu wanaodaiwa kuwa waasi wanadaiwa kuua watu 11" imekosea mara moja na kupatia mara moja. Ingekuwa hivi: "Watu 11 wameuawa kwa mapanga usiku wa jana. Shefu wa kijiji anasema washambuliaji walikuwa waasi wa kundi fulani. Kundi hilo halijajibu." Waliokufa wana sentensi yao isiyo na shaka. Tuhuma ina mwenyewe. Na nafasi ya kujibu imetajwa.

Ushahidi wa mtu aliyetendewa nao una namna yake. "Anasema alibakwa na watu watatu wenye sare" haimtilii shaka wala haimhukumu yeyote. Inampa yeye maneno yake. Daktari akiwa amemwona na akakubali kusema, yanaongezwa ya daktari. Kinachofaa kuachwa ni jina lake yeye, kijiji chake kama ni kidogo, na umri wake pamoja na idadi ya watoto, maana vitatu hivyo vikiwekwa pamoja vinamtaja hata bila jina.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo haliko kwenye neno lolote, liko kwenye kalenda. Habari ya kukamatwa huja yenyewe: polisi inaita waandishi, meya yupo, picha zipo. Habari ya kuachiliwa haiiti mtu. Parke ikiona faili haina kitu, inaiweka pembeni kimya kimya, na motari anatoka kwa mlango mdogo siku ya Jumatano bila kinasa sauti hata kimoja. Mtaani angali ni yule wa pikipiki nyekundu. Redio iliyomtangaza Jumanne inapaswa kuwa na daftari lenye tarehe: leo saa 48 zinakwisha, leo ni siku ya tano, leo siku ya 15. Mtu mmoja wa kupiga simu parke anatosha. Akipata jibu kwamba kesi imewekwa pembeni, habari inasomwa saa ile ile iliyosomwa ya kwanza, kwa lugha ile ile, na bila kuzungukazunguka: "Motari aliyekuwa anashikiliwa kwa kifo cha mbadilishaji wa pesa ameachiliwa. Parke inasema haikupata ushahidi dhidi yake. Waliomuua mbadilishaji wa pesa bado hawajajulikana."